Kurudisha namba za chati ya nguzo kutoka kwenye picha ya skrini, na kwa nini jumla ilikataa

> "Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kompyuta iliyokuwa na kumbukumbu zetu imekufa. Kilichobaki ni skrinishoti moja ya chati, ilitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp, inaonyesha lita tulizokusanya Januari hadi Juni. Juu ya nguzo hakuna namba. Pembeni kushoto kuna 0, 1,000, 2,000 mpaka 5,000, na chini pameandikwa 'Jumla: lita 18,640'. Niliweka rula kwenye skrini ya kompyuta, nikapima kuanzia chini ya namba 0 hadi kichwa cha kila nguzo, nikapata jumla kama 19,200. Nimekosea wapi? Na je, naweza kupata jedwali la kuaminika la kuambatisha kwenye maombi ya mkopo? Naambatisha picha."

Ndugu katibu, hesabu yako haina tatizo. Tatizo ni pale ulipoanzia kupima. Umeanzia chini ya tarakimu 0, lakini sifuri ya chati haiko hapo. Programu ya kuchora chati huweka namba ya pembeni ili katikati ya tarakimu ilingane na mstari wa gridi. Kwenye picha yako tarakimu zina urefu wa pikseli 14, kwa hiyo sehemu ya chini ya 0 iko pikseli 7 chini ya mstari wenyewe. Kila nguzo uliyopima imeongezewa hizo pikseli 7 ambazo si maziwa.

Jumla yako inathibitisha hilo. Umezidisha lita 560. Zigawe kwa nguzo 6, unapata lita 93 hivi kwa kila nguzo, na kwenye picha hii pikseli moja ni karibu lita 12. Hiyo ni karibu pikseli 8 kila mwezi: 7 ni za tarakimu, na hicho kidogo kinachobaki kinaelezwa na rula yenyewe. Kosa la namna hii halitegemei urefu wa nguzo: Februari iliyo fupi na Mei iliyo ndefu zote zimeongezewa kiasi kilekile. Kwa hiyo siku nyingine jumla ikikataa, gawa tofauti kwa idadi ya nguzo kisha uibadilishe iwe pikseli. Ukiona inakaribia nusu ya urefu wa tarakimu, anza kukagua mstari wa sifuri kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu rula, weka pembeni. Chati yako, kutoka 0 hadi 5,000, huchukua kama sentimita 11 kwenye skrini ya kawaida. Maana yake milimita moja ni karibu lita 45, na jicho likikaa upande kidogo tu unapoteza milimita nzima, kwa sababu kuna unene wa kioo kati ya rula na picha. Pikseli zinahesabika moja moja na hazibadiliki ukisogeza kichwa.

Fungua picha kwenye Paint, au programu yoyote inayoonyesha mahali kishale kilipo. Paint huandika namba mbili chini kushoto, kwa mfano `412, 371px`. Ya kwanza ni umbali kutoka ukingo wa kushoto, nasi hatuihitaji. Ya pili ni umbali kutoka juu kushuka chini. Hapo wengi huchanganyikiwa: pikseli huhesabiwa kuanzia juu, kwa hiyo nguzo ndefu ina namba ndogo na nguzo fupi ina namba kubwa. Usijaribu kugeuza chochote kwa mkono, fomula itafanya.

Kuza picha hadi asilimia 400 au 800. Kukuza hakuongezi taarifa yoyote iliyomo kwenye picha, kunasaidia tu mkono wako kufika kwenye pikseli unayoitaka. Na usiipitishe kwanza kwenye programu za kung'arisha picha. Zinanyoosha kingo kwa kubahatisha, na ukingo ndio hasa unaoupima.

Anza na mistari ya gridi, yote, kabla ya kugusa nguzo hata moja. Kwenye picha yako nimepata hivi: mstari wa 0 uko kwenye 590, wa 1,000 kwenye 506, wa 2,000 kwenye 422, wa 3,000 kwenye 338, wa 4,000 kwenye 254, na wa 5,000 kwenye 170. Toa moja kwa nyingine: kila hatua ni pikseli 84. Huu ni ukaguzi wa dakika mbili, na unakuambia kama picha inafaa kupimwa au la. Hatua zikiwa sawa, au zikitofautiana kwa pikseli moja tu, kipimo kimenyooka. Zikipungua kidogo kidogo, tuseme 90, 87, 84, 81, basi picha ilipigwa kwa simu ikiwa imeinama mbele ya skrini, na ni lazima uinyooshe kwanza kwa kifaa cha kurekebisha mtazamo kilicho kwenye programu ya picha. Hatua zikiwa sawa lakini namba za pembeni ni 1, 10, 100, 1,000, basi kipimo ni cha logi, na fomula nitakayokupa itakudanganya vibaya. Chati yako haina tatizo lolote kati ya hayo.

Sasa vichwa vya nguzo. Ukikuza sana utaona nguzo haikatiki ghafla. Kati ya bluu ya nguzo na nyeupe ya nyuma kuna mstari mmoja au miwili ya bluu iliyopauka. Sehemu ya mpauko huo ni uchoraji wa kawaida wa kompyuta, na sehemu nyingine imeletwa na WhatsApp, ambayo hubana picha inapotumwa kama picha. Chukua pikseli ambayo rangi yake iko katikati, nusu bluu nusu nyeupe, na utumie kanuni hiyohiyo kwa nguzo zote. Mstari wa gridi ukiwa na unene wa pikseli mbili au tatu, chukua katikati ya unene. Nguzo ikiwa imezungushiwa mstari mweusi, pima katikati ya mstari huo mweusi. Uthabiti ni muhimu kuliko kanuni uliyochagua: ukichukua juu ya mpauko kwa Januari na chini yake kwa Februari, umeingiza tofauti ya lita 24 ambayo haikuwepo.

Kwenye picha yako vichwa viko hapa: Januari 371, Februari 394, Machi 352, Aprili 297, Mei 268, Juni 289.

Kugeuza pikseli kuwa lita ni uwiano mtupu. Unauliza: kichwa cha nguzo kimepanda sehemu gani ya safari kutoka mstari wa 0 hadi mstari wa 5,000? Safari nzima ni 590 kutoa 170, yaani pikseli 420. Januari imepanda 590 kutoa 371, yaani 219. Gawa 219 kwa 420, zidisha kwa 5,000, unapata 2,607.

Kwenye Excel au programu nyingine ya majedwali, weka 590 kwenye seli E1, 170 kwenye E2, 0 kwenye E3 na 5000 kwenye E4. Andika 5000 bila alama ya mkato. Miezi iwe safu ya A, pikseli za vichwa safu ya B kuanzia B2, kisha kwenye C2 andika hii na uivute hadi chini:

```
=$E$3+($E$1-B2)/($E$1-$E$2)*($E$4-$E$3)
```

E3 kwako ni sifuri, kwa hiyo inaonekana ya bure. Usiiondoe. Chati nyingi hazianzii sifuri: mstari wa chini unaweza kuwa 2,000, na hapo nguzo inayoonekana fupi kabisa bado ni maelfu ya lita. Ukiwa na E3, unaandika 2000 hapo na mambo yanakaa sawa. Mtu anayekadiria urefu wa nguzo kwa macho bila kusoma namba ya chini kabisa hukosea si kwa lita kumi bali kwa nusu nzima.

Pengine utajiuliza kwa nini nimetumia mistari ya 0 na 5,000 badala ya 0 na 1,000 iliyo karibu. Sababu ni hii. Tuseme umekosea pikseli moja tu unaposoma mstari wa juu. Ukitumia 0 na 1,000, umekosea pikseli moja katika 84, ambayo ni asilimia 1.2, na asilimia hiyo inaingia kwenye kila mwezi. Mei inakosewa kwa lita 46 na jumla kwa zaidi ya lita 220. Ukitumia 0 na 5,000, ni pikseli moja katika 420, karibu asilimia 0.24. Mei inakosewa kwa lita 9, jumla kwa lita 45. Mkono ni uleule na picha ni ileile, lakini kosa limepungua mara tano kwa kuchagua mistari iliyo mbali.

Haya ndiyo matokeo, nikiwa nimeyakaribisha kwenye makumi:

| Mwezi | Pikseli ya kichwa | Lita (makadirio) |
|---|---|---|
| Januari | 371 | 2,610 |
| Februari | 394 | 2,330 |
| Machi | 352 | 2,830 |
| Aprili | 297 | 3,490 |
| Mei | 268 | 3,830 |
| Juni | 289 | 3,580 |
| Jumla | | 18,670 |

Jumla iliyoandikwa kwenye picha ni 18,640. Tofauti ni lita 30, chini ya pikseli tatu zikigawanywa kwa nguzo zote sita. Kwa picha iliyopita WhatsApp hilo ni tokeo zuri, na hata ungepima upya mara kumi hutapata bora kwa maana halisi.

Hapa kuna kishawishi ambacho nakuomba ukikatae. Mtu anaweza kusema: tupunguze lita 5 kila mwezi ili jumla ilingane. Jedwali litapendeza, lakini litakuwa limepoteza ushahidi wake. Kwa sasa jumla ya 18,640 ni shahidi wa nje, haikutumika kupata namba zako, na ndiyo maana kukaribiana kwake kunakuambia kwamba kipimo ni sahihi. Ukiitumia kurekebisha namba, haiwezi tena kuthibitisha chochote, na msomaji ataona jumla inalingana hadi lita ya mwisho akadhani umezitoa kwenye daftari. Acha 18,670, na chini yake andika kwamba chati yenyewe inasema 18,640.

Kwa sababu hiyohiyo usiandike 2,607 kwa Januari, ingawa ndiyo kompyuta iliyotoa. Pikseli moja ni lita 12. Huwezi kujua kati ya 2,607 na 2,611 kwa kifaa ambacho hatua yake ndogo kabisa ni 12. Nakadiria unaweza kukosea pikseli moja kwenye kichwa cha nguzo na nyingine kwenye mstari wa sifuri, kwa hiyo kila mwezi una pengo la lita 25 juu au chini. Liandike wazi chini ya jedwali. Na kumbuka lita 25 hizo si nzito sawa kwa kila nguzo: kwa Mei ni chini ya asilimia moja, lakini kama chati ingekuwa na mwezi wa lita 250, zingekuwa asilimia kumi. Nguzo fupi ndizo za kutiliwa shaka.

Ukitaka kulinganisha mwezi na mwezi, hali ni nzuri zaidi kuliko unavyodhani. Juni imeizidi Aprili kwa pikseli 8, karibu lita 95. Ukitoa namba zilizokwisha kukaribishwa kwenye makumi utaona 90, lakini pikseli ndizo za kuaminiwa. Katika tofauti hiyo kosa la mstari wa sifuri halimo, maana limeingia kwenye miezi yote miwili kwa kiasi kilekile na likajifuta. Hata kipimo chako cha rula, kilichokuwa na sifuri mbaya, kingekuonyesha kwamba Juni iliipita Aprili kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo unaweza kusema bila wasiwasi kwamba Februari ilikuwa ya chini kabisa, Mei ya juu kabisa, na Juni ilishuka kutoka Mei kwa kama lita 250.

Ukipata chati nyingine, angalia mambo mawili. Nguzo zikiwa zimepandishana rangi moja juu ya nyingine, pima mpaka wa chini na wa juu wa kila rangi, kisha toa. Usisome rangi ya juu moja kwa moja kwenye kipimo cha pembeni, kwa sababu namba inayoonekana hapo ni yake pamoja na ya rangi zote zilizo chini yake. Na nguzo zikiwa zimechorwa kwa kina, zenye ubavu na kifuniko kama boksi, pima uso wa mbele, lakini fahamu kwamba mistari ya gridi mara nyingi imechorwa kwenye ukuta wa nyuma, haiko usawa mmoja na uso huo. Kwa chati ya namna hiyo mimi hutoa mpangilio wa nguzo tu, ipi ndefu na ipi fupi, na siandiki lita. Nguzo zikiwa nyingi sana, WebPlotDigitizer ni programu ya bure inayofungukia kwenye kivinjari: unabofya sehemu mbili za kipimo, unaandika thamani zake, kisha unabofya vichwa. Hesabu yake ni hii hii, na ukibofya tarakimu badala ya mstari itakupa kosa hili hili.

Lakini kabla hujapeleka jedwali popote, fanya jambo ambalo huenda likafanya kazi yote hii isihitajike. Muulize aliyetuma picha aliipiga kutoka wapi. Kama ilikuwa kwenye wasilisho la PowerPoint au waraka wa Word, faili hilo linaweza kuwa bado lipo kwenye barua pepe ya mtu. Chati ikiwa iliingizwa kama chati, si kama picha, bofya kulia na uchague `Edit Data`. Hata Excel ya asili ikiwa imepotea, namba huwa zimehifadhiwa ndani ya faili. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina kutoka `.pptx` kuwa `.zip`, ifungue, ingia `ppt/charts`, kisha fungua `chart1.xml` kwa Notepad. Utakuta mistari ya namna hii, thamani ikiwa katikati:

```
<c:pt idx="0"><c:v>2605</c:v></c:pt>
```

Hesabu huanzia 0, kwa hiyo hiyo ni nguzo ya kwanza. Kwa faili la `.docx` folda ni `word/charts`. Likikosekana faili, angalau mwombe akutumie picha ya asili kama dokumenti, si kama picha, ili isibanwe.

Kuhusu mkopo nitakuwa wazi. Jedwali hili linafaa kuonyesha mwenendo wa uzalishaji, mradi juu yake pameandikwa "makadirio kutoka kwenye chati, pengo la lita 25 kwa mwezi". Halifai kuwa uthibitisho wa mauzo, na halifai hata kidogo kumlipa au kumdai mfugaji mmoja mmoja, kwa sababu chati ina jumla ya kikundi tu na haina jina la mtu. Lita 25 kwa mwezi zinaweza kuwa maziwa yote ya mwanachama mdogo. Afisa mikopo atauliza risiti, na ana haki. Nenda mwenyewe kwa mnunuzi wenu, iwe kiwanda au kituo cha kupoozea maziwa, uombe nakala za hati za mapokezi za Januari hadi Juni. Waombe wanachama pia vijitabu vyao vya kupima asubuhi na jioni. Ukipata hati za miezi miwili tu, tuseme Machi na Mei, zilinganishe na 2,830 na 3,830. Zikiingia ndani ya lita 25, una sababu ya kuiamini miezi minne iliyobaki. Zikipungua zote kwa kiasi kinachofanana, huenda chati ilihesabu maziwa yaliyokusanywa na mnunuzi alihesabu yaliyopokelewa baada ya kupimwa ubora, na hilo utalimaliza kwa kukaa na aliyeitengeneza chati, si kwa kupima picha tena.